Neno "Ndugu" Lilivyokaribia Kumkosesha Mama wa Watu Milioni 50 za Maskati

Mjini watu wamezoea ugomvi wa mirathi wa aina moja: nyumba ya Magomeni, mama wa kambo, na mtoto aliyejitokeza msibani akiwa na sura ya marehemu. Hii ya leo haina vyote hivyo. Haina hata mtu aliyeghushi karatasi. Ni familia moja yenye mguu mmoja Unguja na mwingine Dar, ambayo kila mtu ndani yake alisema ukweli, na bado mama mmoja mtu mzima alibakiza siku chache tu apoteze kama shilingi milioni 50. Kisa chenyewe ni neno ambalo kila mtu analitumia kila siku bila kulifikiria: ndugu.

Marehemu alikuwa mzee wa Kizanzibari mwenye asili ya Omani. Alihamia Maskati miaka ya 1970, baada ya Sultani Kabusi kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliotawanyika nje warudi kujenga nchi. Akapata uraia, akafanya kazi mpaka akastaafu, akawa anaenda na kurudi. Uzeeni alioa Unguja na huko ndiko alikofia, mwaka 2021. Hakuwa na mtoto. Wazazi na mababu walishatangulia mbele ya haki zamani. Alichoacha kule ni akaunti ya benki yenye riali 24,000.

Kwa asiyezijua riali za Omani: hiyo si hela ya mchezo. Riali moja ni zaidi ya dola mbili na nusu, na thamani yake imefungwa kwenye dola kwa miaka mingi. Riali 24,000 ni kama dola 62,000, na kwa viwango vya wakati ule ni zaidi ya shilingi milioni 140.

Warithi walikuwa wanne. Wa kwanza ni mjane wake. Wa pili ni dada yake, Bi Mkubwa wa Michenzani, ambaye alizaliwa na marehemu baba mmoja mama mmoja. Wazazi wao waliachana wangali wadogo. Baba akahamia Dar, akaoa tena, akazaa mtoto wa kiume ambaye leo anauza vipuri vya magari Kariakoo. Mama naye akaolewa Pemba, akazaa mtoto wa kiume ambaye leo ni mvuvi. Kwa hiyo marehemu alikuwa na dada wa damu moja pande zote mbili, ndugu wa kwa baba tu, na ndugu wa kwa mama tu.

Mbeba mafaili alikuwa binti wa Bi Mkubwa, mdada mwenye saluni ya kucha na kope pale Sinza. Yeye ndiye mjanja wa simu, anayejua kuskani na kutuma pidiefu, basi familia ikamtupia mzigo wote. Kwake yeye marehemu, wa Kariakoo na wa Pemba wote walikuwa kitu kimoja. Kwenye simu yake aliwahifadhi hivi: Anko Maskati, Anko Kariakoo, Anko Pemba.

Kikwazo cha kwanza hakikuwa undugu. Kilikuwa jina.

Cheti cha kifo kilitoka na majina matatu, kama watu wa Unguja walivyomzoea: lake, la baba na la babu. Kitambulisho chake cha Omani kilikuwa na mtiririko mwingine: fulani bin fulani bin fulani, halafu mwishoni jina la kabila linaloanza na "Al". Kwa jirani wa Michenzani huyo ni mtu mmoja. Kwa karani wa benki ambaye hajawahi kumwona, hao ni watu wawili mpaka karatasi iseme vinginevyo.

Halafu kuna ishu ya herufi, ambayo wengi hawaijui mpaka iwakute. Kiswahili kina H moja, Kiarabu kina zaidi ya moja. Hamadi na Hamisi kwa Kiswahili wanaanza sawa, lakini kwa Kiarabu Hamadi anaandikwa kwa "ha" na Hamisi kwa "kha", herufi mbili tofauti kabisa. Halfani naye ni "kha". Salumu anaweza kuwa Salumu kweli, au akawa Salim ambaye mtaa ulimzoea hivyo. Mtafsiri anayeletewa cheti cha Kiswahili bila kitu kingine cha kulinganisha anabaki kukisia, na kwenye jina la babu wa marehemu alikisia vibaya. Benki ikarudisha.

Dawa yake haikuwa ngumu, ila ilikula wiki sita. Yule binti alipekua sanduku la marehemu akapata pasi ya zamani ya Omani, ambayo jina limeandikwa kwa Kiarabu. Bi Mkubwa akaapa mbele ya wakili kwamba majina ya kwenye cheti na ya kwenye pasi ni ya mtu mmoja, ndugu yake. Hati ya kiapo hiyo ikaambatanishwa na cheti, na mtafsiri akapewa nakala ya pasi ili anakili jina herufi kwa herufi badala ya kulitunga kwa sikio. Mtu yeyote mwenye marehemu aliyeishi Uarabuni aanzie hapo. Kabla hujalipia tafsiri, tafuta karatasi yoyote ya huko yenye jina lake kwa Kiarabu: pasi, kitambulisho, hata kadi ya benki iliyokwisha muda. Mpe mtafsiri pamoja na cheti.

Jina likapita. Ikabaki karatasi ya mahakama.

Benki ya kule haigawi hela kwa sababu watu wamelia vizuri. Ikishajua mteja kafa, akaunti inafungwa, na haifunguki mpaka mahakama ya huko itoe hati inayotaja warithi ni nani na kila mmoja ana fungu gani. Kwa kuwa mzee alifia Unguja na warithi wako huku, hatua ya kwanza ilikuwa Mahakama ya Kadhi Zanzibar. Mashahidi wakaitwa, kadhi akasikiliza, hukumu ikatoka kwa Kiswahili. Kurasa nne.

Ukurasa wa pili ndio uliobeba kila kitu. Humo mashahidi walieleza nani alizaliwa na nani, mama yupi, baba yupi. Ukurasa wa nne ulikuwa wa kufungia tu. Uliandika kwamba marehemu ameacha warithi wanne, ambao ni mke mmoja na ndugu watatu, wanaume wawili na mwanamke mmoja, na majina yao chini. Kisha mhuri na sahihi.

Mtafsiri wa Dar alitoza shilingi 40,000 kwa ukurasa. Binti akafanya hesabu ya haraka: kurasa nne ni 160,000, na wenye mali wote wametajwa ukurasa wa mwisho, wenye mhuri juu. Hizo nyingine ni stori za mashahidi. Akatafsirisha ukurasa wa nne peke yake. Aliokoa 120,000, na siku ile alijiona kacheza kama Pele.

Ofisi ya tafsiri ya Maskati, ambayo mhuri wake ndio unaotambulika na mahakama ya huko, haikuwa na mtu wa Kiswahili. Hapa kuna kichekesho chenye uchungu. Maskati ina watu wengi tu wanaoongea Kiswahili, na cha Unguja kabisa, kwa sababu ya hao waliorudi miaka ile. Lakini kuongea lugha ni kitu kimoja, na kuwa na leseni ya kutafsiri kwa ajili ya mahakama ni kitu kingine. Jirani anayekuuzia haluwa kwa Kiswahili hawezi kukugongea mhuri. Ofisi ikataka karatasi iletwe kwa Kiingereza, wao wataitoa Kiingereza kwenda Kiarabu.

Kwa hiyo neno "ndugu" lilisafiri vituo viwili. Dar likageuka "braza" na "sista" za Kiingereza. Maskati zile zikageuka Kiarabu: kaka wawili na dada mmoja wa marehemu, basi.

Mtu wa kawaida anaweza kuuliza, sasa kosa liko wapi? Si ni kaka na dada kweli?

Kosa ni kwamba katika mirathi ya Kiislamu hakuna mrithi anayeitwa ndugu tu. Kuna ndugu shakiki, yaani wa baba mmoja na mama mmoja. Kuna ndugu wa kwa baba. Kuna ndugu wa kwa mama. Hao watatu hawakai kiti kimoja, kila mmoja ana hesabu yake. Kiarabu cha mahakama kina jina la kila mmoja. Kiswahili kinaweza kuwatofautisha vizuri tu, lakini kwa mazoea na kwa heshima watu hawasemi. Nyumba nyingi za pwani kumwita mtu "ndugu wa mama mbali" mbele za watu ni kama kumtoa nje. Kiingereza nacho kinaweza kuwatofautisha ukitaka, ila neno la kawaida ni moja. Na mtafsiri hawezi kuandika kisichokuwepo. Aliletewa "ndugu", akatoa "ndugu".

Hesabu ya kweli ilikuwa hivi. Marehemu hana mtoto, kwa hiyo mke anapata robo. Dada shakiki akiwa peke yake, bila mtoto wa marehemu, bila baba na bila kaka shakiki, anapata nusu. Ndugu wa kwa mama akiwa mmoja anapata sudusi, yaani moja ya sita. Kinachobaki anachukua ndugu wa kwa baba. Ukikata mali mafungu 12, mke ana 3, Bi Mkubwa ana 6, Anko Pemba ana 2 na Anko Kariakoo ana 1. Kila fungu ni riali 2,000. Maana yake mjane 6,000, Bi Mkubwa 12,000, Pemba 4,000, Kariakoo 2,000.

Sasa tazama karatasi iliyotafsiriwa inavyohesabu. Mke robo yake iko pale pale, 6,000. Zinabaki 18,000 kwa "kaka wawili na dada mmoja", wote wakionekana wa tumbo moja. Hapo mwanamume anapata mara mbili ya mwanamke, kwa hiyo mafungu yanakuwa matano ya riali 3,600. Pemba 7,200, Kariakoo 7,200, Bi Mkubwa 3,600.

Kutoka 12,000 mpaka 3,600. Tofauti ni riali 8,400, kama milioni 50 za Kitanzania, zimehama mfuko bila mtu kuiba hata senti.

Na zingehama kweli kama si uzee wa Bi Mkubwa na chuo alichosoma utotoni. Rasimu ya hati kutoka Maskati ilitumwa kwenye grupu la familia la wasapu, ili kila mmoja akague jina lake kabla haijasainiwa. Vijana wakaangalia majina, wakaweka dole gumba. Bi Mkubwa akaomba simu ya mwanawe, akaikuza ile picha kwa vidole viwili, akasoma taratibu huku midomo ikicheza. Kiarabu cha kuongea hana. Lakini darsa za mirathi alizikaa miaka na miaka, na maneno ya warithi anayajua yalivyoandikwa.

"Mwanangu, hapa mbona hamna shakiki?"

"Mama, majina si yako sawa?"

"Majina yako sawa. Huyu kaandika sote tumbo moja. Mama yangu hakumzaa huyu wa Kariakoo."

Binti anasema alipoelewa, kitu cha kwanza alichofikiria ni ile 120,000.

Wakala wao wa Maskati, kijana mwenye haraka zake, akaleta njia ya mkato. Waambieni tu mtafsiri wa Dar aongeze maneno mawili matatu pale, kisha itumwe upya. Hili ndilo eneo ambalo watu wengi huharibikiwa kabisa. Tafsiri inaambatana na karatasi ya asili. Ukiwa na tafsiri inayosema "dada wa baba mmoja na mama mmoja" wakati karatasi ya Kiswahili inasema "ndugu", una karatasi mbili zinazopingana, na siku mtu yeyote anayejua Kiswahili akizilinganisha, anayeonekana mghushi ni wewe. Na pale Maskati wanaojua Kiswahili wapo. Mtafsiri wa Dar alipopigiwa simu alikataa katakata. Alisema yeye yuko tayari kutafsiri kurasa zote nne, au wamletee karatasi mpya kutoka mahakamani. Kuongeza neno la kwake mwenyewe, hapana.

Kurasa zote nne peke yake zingeweza kusaidia, lakini wakili wa Unguja aliwashauri wasibahatishe. Ukurasa wa pili ungesema hili na wa nne ungesema lile kwa mkato, na hakimu wa mbali asiyemjua mtu angeweza kushika ule wenye mhuri. Ilikuwa bora kurudi kwa kadhi, kumwomba atoe orodha ya warithi inayotaja uhusiano wa kila mmoja kwa ukamilifu. Kadhi hakuwa na shida. Alichotaka ni warithi wote wanne waje, kila mmoja athibitishe kwa mdomo wake.

Hapo ndipo stori ikaanza kuuma.

Anko Kariakoo alishaona ile rasimu. Alishajua ana riali 7,200, na kwa mujibu wa watu wa karibu alishaanza kuongea na mwenye fremu ya pili karibu na duka lake. Sasa anaitwa Unguja kwenda kusema kitu kitakachomshusha mpaka 2,000. Tarehe ya kwanza hakutokea, akasema boti zilijaa. Tarehe ya pili akasema anaumwa. Kwenye grupu akaandika kwamba serikali ya watu imeshaandika, nyie mnataka kuchimbua makaburi ya nini. Anko Pemba, ambaye naye alikuwa anashuka kutoka 7,200 mpaka 4,000, alikuwa wa kwanza kufika mahakamani siku zote mbili, na hakuandika kitu.

Binti alitaka kujibu kwenye grupu, na inaelekea angejibu vibaya. Mama yake akamzuia, akampigia mdogo wake yeye mwenyewe. Mazungumzo hayakuwa marefu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Mie sikunyang'anyi kitu, wala sitaki useme neno baya. Njoo useme tu mama yako jina lake nani."

Simu ikawa kimya.

"Ndiyo tu, dada?"

"Ndiyo tu. Mama yako alikuwa mtu mwema. Kwa nini jina lake lisitajwe?"

Tarehe ya tatu alipanda boti ya asubuhi. Alisimama mbele ya kadhi, akataja jina la baba, kisha akataja jina la mama yake. Hakuulizwa zaidi. Waliokuwepo wanasema alitoka nje akakaa kwenye gari muda mrefu kabla ya kuungana na wenzake kwa chai.

Karatasi mpya ilikuwa ya ukurasa mmoja na nusu, na safari hii hapakuwa na neno "ndugu" lililokaa peke yake. Iliandika: dada wa marehemu kwa baba na mama, kaka wa marehemu kwa baba pekee, kaka wa marehemu kwa mama pekee. Kila mmoja na majina ya wazazi wake wote wawili. Chini yake iliandikwa kwamba marehemu hakuacha mtoto, mzazi, babu wala bibi. Sentensi hiyo ya mwisho inaonekana ya kujazia tu, lakini ina uzito mkubwa. Kama babu mzaa baba angekuwa hai, Anko Pemba asingepata chochote. Kama bibi angekuwepo, angekuwa na fungu lake. Hakimu wa mbali hawezi kujua hawapo mpaka aambiwe hawapo.

Kwa kuwa karatasi ni mpya, safari ya mihuri ilianza upya. Kwanza mahakama yenyewe ithibitishe nakala, kisha ofisi ya mambo ya nje ya hapa, kisha ubalozi mdogo wa Omani uliopo Unguja. Baada ya hapo tu ndipo tafsiri. Mpangilio huo una sababu. Mtafsiri anatakiwa kutafsiri kila kilichopo kwenye karatasi, pamoja na mihuri, sahihi na maandishi ya nyuma. Ukitafsiri kwanza halafu ukagonga mihuri baadaye, tafsiri yako inakuwa haina mihuri ambayo karatasi ya asili inayo, na karani ana haki ya kuuliza imetoka wapi. Wanaokwenda fasta huishia kulipa mara mbili.

Kwenye tafsiri yenyewe binti alifanya mambo mawili tofauti na mwanzo. La kwanza, alimwandikia mtafsiri wa Dar karatasi ndogo ya mti wa familia: marehemu katikati, wazazi juu, ndoa ya baba upande mmoja, ndoa ya mama upande mwingine. Haikuwa ya kuambatanishwa kokote. Ilikuwa ya kumwezesha mtafsiri aone picha kabla ya kuchagua neno. La pili, Kiingereza kilipotoka hakukituma Maskati moja kwa moja. Alikaa na mama yake mezani wakakipitia mtu mmoja mmoja, wakiuliza swali lile lile: akisoma mtu asiyetujua, atajua mama wa huyu ni nani?

Rasimu ya pili ya Kiarabu iliporudi, hakuna aliyeweka dole gumba mpaka Bi Mkubwa alipoisoma. Alisoma mara mbili, akasema, "Sasa ndiyo sisi."

Hela zilitoka baada ya miezi mitano mingine. Bi Mkubwa akapata 12,000 zake, mjane 6,000, Pemba 4,000, Kariakoo 2,000. Wapo kwenye familia waliotarajia Bi Mkubwa atamwongezea mdogo wake kidogo kutoka kwenye fungu lake, na wapo waliosema akifanya hivyo atakuwa anamlipa mtu kwa kusema ukweli. Alichofanya hakikutangazwa kwenye grupu. Inajulikana tu kwamba fremu ya pili Kariakoo ilifunguliwa, na kwamba Iddi iliyofuata wa Kariakoo alikuwa Michenzani tangu sala ya asubuhi.

Ila si kila kitu kilirudi kama zamani. Binti wa Sinza amebadilisha majina kwenye simu yake. Hakuna tena anko. Kuna Mjomba wa Baba Mmoja na Mama, Mjomba wa kwa Babu, Mjomba wa kwa Bibi. Rafiki zake wanamcheka, wanasema simu imekuwa kama hukumu ya kadhi. Mama yake hakuipenda kabisa. Alimwambia hayo ni maneno ya mahakamani, na mtu akija nyumbani bado anaitwa mjomba.

Wote wawili wana hoja. Swali linabaki kwako unayesoma huku una anko saba kwenye simu: ungeambiwa kesho uwaandikie hakimu asiyekujua, ungeweza kumtaja mama wa kila mmoja wao?